Mafuta ya Nelius na Neno "Leo"

Wewe unayenunua mafuta ya nywele kwa kutazama simu, unajuaje kwamba hujadanganywa?

Usikimbilie kujibu. Najua utakachosema: ulimwona mwenye mali, ukaona mikono yake na jikoni kwake, ukamwamini. Mimi ndiye niliyeandika ulichokiona. Nimeapa kulieleza jambo hili bila kujisafisha, kwa hiyo nitaanza na Marcella, kwa sababu hasara ni yake.

Marcella ni mke wa Mugendi, fundi wa mawe kutoka Ishiara. Ukoo wa mumewe humwita Mama Karimi, kwa jina la binti yao. Ana kibanda mjini Embu, pembeni mwa soko, chenye rafu tatu na kioo kimoja kilichopasuka kona. Anauza mafuta ya mbarika, siagi ya shea na sabuni ya kuoshea nywele zisizotiwa dawa. Nywele zake mwenyewe zilikuwa tangazo lake. Hazikuwa ndefu za kutisha. Zilikuwa nyingi, nyeusi, zimejaa kama kichaka baada ya mvua, na wanawake waliopita pale walikuwa wakinyoosha mkono kuzigusa hata kabla ya kusalimia.

Nilikutana naye mwaka uliofuata baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa nimesomea mawasiliano na, kama wenzangu wengi, nilikuwa nimerudi nyumbani Kianjai, huko Meru, na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Baadaye nilikwenda Embu kutafuta kazi. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hasa na uongo wa biashara za mitandaoni: wasichana waliovaa wigi wakisema nywele zimefika kiunoni kwa wiki mbili. Nilimwambia Marcella naweza kumwandikia skripti za video fupi.

"Vizuri," alisema. "Basi andika kwamba yanaotesha nywele."

"Yanaotesha?"

"Si ndivyo wote wanasema?"

"Siandiki hivyo. Mafuta ya mbarika hayaoteshi nywele. Yanafunga unyevu usitoke, nywele hazikatiki, ndiyo maana unaona zimerefuka."

Alinitazama kutoka juu hadi kwenye viatu. "Wewe Mmeru, umekuja kunifungia duka ama kunifungulia?"

"Nimekuja kukufungulia. Watu wamechoka kudanganywa, Mama Karimi."

"Haya. Tuone kama ukweli una wateja."

Ulikuwa nao. Video yetu ya kwanza ilionyesha mafuta yaliyoungua. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akimpikia, naye alikuwa ameacha moto ukawa mkali, mafuta yakatoka meusi yenye harufu ya moshi, na Marcella alitaka kuyamwaga kimyakimya. Nikamwambia asiyamwage mpaka nirekodi. Skripti ilikuwa na sentensi sita. Ya kwanza ilikuwa: "Haya siwauzii." Niliiweka mwanzo kwa sababu mtu anayepitisha kidole kwenye kioo cha simu anakupa sekunde tatu tu, na katika sekunde hizo lazima awe na sababu ya kubaki. Kisha alieleza kilichoharibika, akaonyesha rangi ya mafuta mazuri kando ya mabaya, akamaliza. Hakutaja bei. Hakusema nunua. Siku tatu baadaye wanawake walikuwa wakimwandikia kutoka Chuka, Meru na hata Nairobi, wakimuuliza mafuta mazuri yatakuwa tayari lini.

Basi tukajiwekea sheria. Kila video na somo moja tu. Akifundisha kupaka, aanze na nywele zenye unyevu, azigawe mafungu manne, achane kuanzia ncha akipanda hadi mizizi, kisha matone machache ya mafuta, kwa sababu mbarika ni mzito na ukiumwaga nywele hugandamana. Kamera ikae karibu na mikono. Mwanga uwe wa mlangoni, si wa taa. Maneno yaandikwe chini, kwa maana nusu ya watazamaji wako kazini na wamezima sauti. Na katika kila video tatu, moja iwe ya nyuma ya pazia: mafuta yanatoka wapi, nani anayapika, chupa zinaoshwa vipi.

Nyuma ya pazia alikuwapo Nelius.

Nelius alikuwa mama mkwe wa Marcella, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti nzito na pengo la meno mawili mbele. Aliishi kule Ishiara, chini ambako joto ni kali na mbarika inaota hata pasipo kupandwa. Alijua kupika mafuta kama mama yake alivyojua: mbegu zikaushwe, zibanduliwe maganda, zikaangwe kidogo tu, zitwangwe, kisha zichemshwe ndani ya maji mpaka mafuta yapande juu. Unayaengua kwa kijiko, unayarudisha motoni peke yake mpaka maji yote yaishe na mlio ukome, unachuja kwa kitambaa. Nilimrekodi akisikiliza chungu. "Kikinyamaza," alisema, "ndipo yameiva. Kikiendelea kulia, bado kuna maji, na mafuta yenye maji huoza."

Watu walimpenda mara moja. Siku moja nilimwomba aharakishe kidogo, kwa sababu video yenyewe haikupaswa kuzidi dakika moja. Aligeuka akatazama kamera.

"Mafuta hayana haraka. Wewe ndiye una haraka."

Sikuiandika sentensi ile. Hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote nilizoandika. Wateja walianza kuirudia kwenye maoni. Angeline, mwenye saluni mjini Meru ambaye alikuwa akichukua mafuta ya Marcella kwa katoni, aliichapisha ukutani kwake kwa maandishi makubwa. Mimi nikaanza kuamini kweli kwamba tunabadilisha kitu nchini, kwamba mwanamke wa kijijini anaweza kuuza kwa kuonyesha kazi yake, bila wigi na bila uongo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakufurahi. Eunice, dada mkubwa wa Mugendi, ni mwalimu na shemasi kanisani, mwanamke wa kusuka rasta ndogondogo nadhifu zinazofika mabegani. Aliniona siku moja nikiweka stendi ya simu mbele ya jiko la mama yake.

"Kijana wa simu, mama yangu unamlipa?"

Marcella alijibu kabla yangu. "Ninamlipa, dada. Kila chungu. Muulize."

"Sijauliza chungu. Nimeuliza uso."

Nelius akacheka ndani ya moshi. "Eunice, uso wangu umekaa bure miaka sabini. Waache wautumie."

Nilidhani mambo yameishia pale.

Sasa kosa lenyewe. Kushuka Ishiara kila tunapohitaji video ilikuwa shida. Siku nyingine Nelius alikuwa shambani, siku nyingine kanisani, siku nyingine mbegu hazijakauka. Basi tukafanya kama wafanyavyo wote wenye kazi hii: tukarekodi nyingi kwa siku moja. Mwezi wa saba tulishuka Jumamosi moja tukiwa na skripti tisa. Marcella alibadilisha blauzi mara tano. Nelius alibadilisha leso mara nne na kilemba mara mbili. Asubuhi tulirekodi kubandua mbegu, mchana kuchemsha, jioni kuchuja. Nilitaka zitoke moja moja kwa wiki tatu, ili mtazamaji aone kama anaishi nasi jikoni.

Na kwenye skripti zote tisa nilikuwa nimeandika neno "leo". Leo tuko kwa mama. Leo mama ameamka mapema. Leo tunachuja. Neno lile humfanya mtazamaji ajione karibu. Ukisema "siku moja mwezi uliopita" anapita zake.

Marcella alisoma mara moja akasimama. "Lakini hii ya wiki ya tatu si leo."

"Ni leo ya anayetazama," nikamwambia.

"Si uliniambia tusidanganye?"

"Mafuta ni ya kweli. Mama ni wa kweli. Moto ni wa kweli. Siku ni kitu gani?"

Nilijibu haraka, kwa ulimi wa mtu aliyesoma. Yeye akanyamaza, kama watu wanavyomnyamazia aliyesoma. Nelius peke yake ndiye aliyelichezea jambo lile. Alipoambiwa avae leso ya nne, aliivuta kiunoni akasema, "Mmenizeesha wiki tatu kwa siku moja. Hata Mungu hana mbio hizo."

Tulicheka sote. Nilizipanga video zile kwenye kompyuta zijitoe zenyewe saa saba mchana, wakati wanawake wa ofisini wanakula na wanashika simu. Nilizipanga TikTok, kisha tano kati yake nikazipanga upya kwenye ukurasa wa Facebook, ambako wako wateja wetu wa umri mkubwa, zianze huko wiki ya tatu. Ni mipango miwili tofauti. Ukifuta huku, kule kunabaki.

Siku ya kumi na moja baada ya kurekodi, Nelius alianguka uani akibeba maji. Shinikizo la damu. Alifikishwa hospitalini akiwa hai na hakuamka.

Marcella alinipigia akilia. Nilifungua kompyuta saa ile ile, nikaingia TikTok, nikafuta zote zilizobaki. Naikumbuka fahari niliyoisikia, hata katika huzuni ile, kwamba sikusahau, kwamba mimi si mtu wa kuuza kwa sura ya marehemu. Kisha nikaandika tangazo dogo la msiba, maneno mawili matatu ya heshima, ili wateja wajue.

Eunice akakataa. Marcella alinisomea ujumbe wake kwenye simu: "Mama si tangazo. Usiweke jina lake huko tena. Ukiweka, usije mazishini."

"Tuweke hata kwamba tumefunga kwa muda," nikamsihi.

"Hapana, Lennox. Amesema tunyamaze, tunanyamaza. Hii nyumba haijawahi kuniamini vizuri. Wanasema nilimfuata Mugendi kwa sababu ya chungu cha mama yake. Nikikosea sasa, nimekwisha hapo."

Alifunga kibanda, hakuandika neno. Alishuka Ishiara, akapika kwa wageni siku tano, akalala chini na wanawake wengine, akaosha vyombo vya mkutano wa kila jioni wa kupanga mazishi. Mugendi aliniambia baadaye kwamba siku ya tatu Eunice alimpa Marcella funguo za chumba cha mama ili achague nguo ya kuzikia. Katika nyumba ile, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Maziko yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilishuka kwa heshima, nikakaa nyuma ya hema pamoja na vijana waliochimba kaburi. Ibada ilianza ikiwa imechelewa. Kwaya ya akina mama iliimba, majirani wakasema, chama cha kina mama kikasema, diwani akasema zaidi ya wote. Eunice alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti akianza kusoma wasifu wa mama yake, na jeneza liko mbele yake kwenye vitanda vya chuma, ilipotimia saa saba.

Kwanza simu moja ililia mlio wa ujumbe. Kisha ya pili upande wa wazee. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye viti vya mbele, shemeji wa marehemu, aliitoa simu mfukoni ili aizime. Hakuona vizuri bila miwani. Akabonyeza.

Sauti ya Marcella ikatoka, ya furaha: "Leo tuko kwa mama tena, na leo mama ameamka na nguvu!"

Kisha sauti nzito ya Nelius, ile ile, akicheka:

"Hamjambo huko? Mimi niko. Siendi popote mpaka chungu kinyamaze."

Mzee akawa anaibonyeza simu kila upande, na kadiri alivyobonyeza ndivyo sauti ilivyopanda. Eunice alikuwa ameacha kusoma. Alilitazama jeneza. Kipaza sauti kilichukua pumzi yake, kisha neno moja la nyumbani kwao, neno ambalo hata sisi wa Meru hatuhitaji kutafsiriwa:

"Maitu!"

Mama yangu. Akaanguka kwa magoti.

Nilishaelewa. Facebook. Nilikimbia nikipita kati ya viti, nikatoka hadi barabarani palipokuwa na mtandao wa uhakika, vidole haviandiki nywila, nikakosea mara mbili, ya tatu ikafungua. Nilifuta video ile na nne zilizokuwa zinasubiri nyuma yake. Ilikuwa imekaa hewani dakika kumi na nne. Katika dakika hizo mtu mmoja wa Ishiara, sijui nani, alikuwa ameandika chini yake: "Mama huyu tunamzika sasa hivi. Niko hapa mazishini. Leo gani hiyo?" Na mtu mwingine alikuwa amepiga picha maneno yale pamoja na uso wa Nelius unaocheka, akayapeleka kwenye makundi ya WhatsApp.

Tulizika. Sitaki kueleza tulivyozika.

Baada ya wageni kula, ukoo ulikaa chini ya hema, na Marcella akaitwa. Mimi nilikwenda bila kuitwa. Nilisema kosa ni langu, nikaeleza mipango miwili, kompyuta, Facebook, kila kitu. Nilieleza kwa dakika nzima. Mzee mwenye simu alinisikiliza kwa adabu kisha akamuuliza Mugendi, "Huyu ni nani?"

"Ni wa simu," Mugendi akajibu.

"Basi ni mkono tu," mzee akasema. "Tunaongea na mwenye mkono."

Eunice alikuwa na macho yaliyovimba lakini sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya darasani. "Mama Karimi, nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, dada."

"Siku ile mama yangu alisema 'mimi niko', ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi ile ya mwezi wa saba."

"Kwa nini useme leo?"

Marcella angeweza kunionyesha kidole. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nilikuwa nimekwisha kukiri. Hakunitazama hata. "Nilisema kwa kinywa changu, dada. Hakuna aliyekishika."

"Uliniambia unamlipa mama. Sasa naona ulikuwa unamwekea akiba. Ulimpanga kama vile watu wanapanga soda kwenye friji, utoe moja moja."

Shangazi mmoja akasema kutoka pembeni, si kwa ukali, bali kama mtu anayekumbuka: "Zamani mama wa nyumba akifa, wake wa wanawe walinyoa. Ndipo ukoo ulijua nani analia."

"Hayo kanisa liliacha," mtu akamjibu.

"Najua liliacha. Nasema tu."

Eunice akamgeukia shangazi yake, akacheka kicheko kikavu. "Usimwambie huyu kunyoa, tata. Zile si nywele. Ni duka."

Watu wengine wakacheka naye. Mugendi alitazama ardhi. Fundi wa kujenga ukuta usiotikisika, na siku ile hakuweka hata jiwe moja kati ya mkewe na dada yake. Nilimchukia kwa hilo, na bado sijamaliza kumchukia.

Simu ya Marcella ilianza kuita kabla mkutano haujavunjika. Alikuwa Angeline wa Meru. Tulisogea kando ya ghala, akaweka sauti nje ili nami nisikie.

"Mama Karimi, pole kwa msiba. Nimeona tu kwenye kundi. Hukutuambia."

"Asante. Hatukuruhusiwa."

"Sawa. Lakini wateja wangu wananiuliza maswali, na sina jibu. Kama 'leo' haikuwa leo, yale mafuta yaliyoungua uliyotuonyesha mwanzo yaliungua kweli? Ama mliyaunguza ili tuwaamini?"

"Yaliungua kweli, Angeline."

"Mimi naweza kukuamini. Lakini nitawaambia nini? Kwamba mlidanganya siku, lakini hamkudanganya moto?"

Angeline akasema ameitoa ile karatasi ukutani kwa sasa, na mzigo wa mwezi huu ungoje. Akaaga vizuri sana, na huko kuaga vizuri ndiko kulikouma. Tulipofungua ukurasa, maoni yalikuwa mia na kitu. Watu walikuwa wamerudi hadi video za mwaka mzima, wanazikagua moja moja kama polisi. Hapa blauzi ni ile ile. Hapa kivuli ni cha jioni na anasema asubuhi. Walikuwa wanasema kweli, karibu kila mara. Wale waliotazama kwa miezi video za wigi bila kuuliza swali hata moja sasa walikuwa mahakimu wa kivuli. Laiti hasira ile wangekuwa nayo mapema, kwa wanaostahili! Lakini mwongo hashitakiwi kwa uongo, maana hakuna aliyemtarajia aseme kweli. Anayeshitakiwa ni yule aliyeahidi.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaandika skripti ya kuomba radhi. Ilinichukua mpaka jua likazama. Sekunde arobaini na tano. Sentensi ya kwanza: "Niliwaambia leo, na haikuwa leo." Marcella akitazama kamera, mwanga wa mlangoni, hakuna muziki. Aeleze tulivyorekodi, ataje kosa bila kujitetea, aahidi kwamba kuanzia sasa kila video itaandikwa tarehe iliyorekodiwa, kama tulivyokuwa tukiandika tarehe kwenye chupa. Nilikuwa nimeandika kwa roho yangu yote. Nikampa.

Alisoma amesimama, mikono ina majivu ya kuoshea sufuria. Akarudia kusoma.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Utairekodi kesho?"

"Umeandika vizuri sana, Lennox. Hiyo ndiyo shida." Alinirudishia karatasi. "Nikisema haya maneno, nitalia hapa kwenye mstari wa tatu. Umepanga hata pale pa kulia. Na nitalia kweli, lakini nani atajua ni kweli? Mimi mwenyewe nitajua?"

"Basi sema kwa maneno yako."

"Nina maneno yangu bado?"

Nilitaka kumwambia anayo, kwamba ukweli utashinda, na mengine ya namna hiyo. Nilikuwa nimeyaamini asubuhi ya siku ile ile. Aliingia jikoni.

Nililala kwa jirani. Asubuhi, jua likiwa limetoka tu, nilirudi kuaga, karatasi iko mfukoni mwa shati kwa sababu bado nilitumaini. Hema lilikuwa linakunjwa. Mbele ya jiko la Nelius, kwenye kigoda alichokuwa akikalia akisikiliza chungu, alikuwa amekaa Marcella, leso mabegani, kichwa kimeinama. Mugendi alikuwa nyuma yake na makasi ya kukatia kamba za ujenzi. Nusu ya kichaka kile kilikuwa tayari chini. Kila alipokata alisimama, kama mtu anayeomba aambiwe aache.

"Endelea," Marcella alikuwa akimwambia. "Endelea, baba Karimi."

Eunice alitoka nyumbani na beseni la maji akielekea kwa ng'ombe. Akasimama. Aliweka beseni chini, akaingia ndani, akatoka na wembe mpya ndani ya karatasi yake na kipande cha sabuni. Alimsogeza kaka yake kwa bega. Akalowesha kichwa cha mke wa kaka yake, akakipaka povu, akaanza kunyoa kuanzia paji la uso kwenda nyuma, polepole, kwa mkono wa mwalimu anayesahihisha. Rasta zake nadhifu zilikuwa zikianguka mbele kila alipoinama, naye alizitupa nyuma ya bega na kuendelea. Hizo hakuzinyoa.

Alipomaliza alichukua chupa iliyokuwa kwenye dirisha la jiko. Ilikuwa ya chungu cha mwisho cha Nelius. Tarehe niliyoiandika kwa mkono wangu bado ilisomeka. Alimimina matone machache kiganjani, akapaka kichwa kile kilichokuwa cheupe na kigeni, akizungusha kiganja taratibu.

"Umelia sasa," akasema Eunice. "Tumeona."

Marcella alikusanya nywele zote kwenye leso, akainuka. Binti mmoja wa ukoo alikuwa amesimama kando ya ghala, simu imeinuliwa, anarekodi. Marcella alimwona. Hakumkataza wala hakujificha. Alipita mbele yake, kichwa kinang'aa kwa mafuta ya Nelius, akaingia jikoni, akazitia nywele zile motoni, na harufu yake ikatoka mpaka pale nilipokuwa nimesimama.